Nyanya tatu, kitunguu kimoja: kutengeneza kitabu cha picha kutokana na siku ya kawaida ya mtoto

Mtoto wa miaka mitano anapotumwa gengeni peke yake kwa mara ya kwanza, anakwenda na vitu viwili vya kutunza: pesa kiganjani na maneno kichwani. Pesa anaibana mpaka inaloa jasho. Maneno anayarudia njia nzima asije akayasahau. Hapo tayari pana kitabu cha picha, kwa sababu pana mtoto mwenye kazi yake mwenyewe, pana njia ya kupita, na pana kitu kinachoweza kupotea.

Mwongozo huu unafuata kitabu hicho kimoja tangu wazo hadi uzi wa kushonea. Ni kitabu cha kurasa 16, cha kuwasomea watoto wa miaka 3 hadi 6, kinachotoka kwenye karatasi nne za A4. Mfano wetu ni Zawadi, aliyetumwa nyanya tatu na kitunguu kimoja.

Hatua ya kwanza: tafuta fundo, usitafute tukio

Wanaoanza hukimbilia matukio makubwa: harusi, sikukuu, safari ya kwenda kwa babu. Katika matukio hayo mtoto hubebwa, huvalishwa, huambiwa asimame hapa akae pale. Haamui chochote, na kitabu kinageuka kuwa orodha ya vitu alivyoviona. Mambo madogo yanafaa zaidi kwa sababu ndani yake mtoto anataka kitu na kuna kitu kinachomzuia. Mgongano huo ndio tunaouita fundo.

Kusukwa nywele kuna fundo: mtoto anawasikia wenzake wakicheza nje, lakini kichwa chake kimebanwa katikati ya magoti ya shangazi, na imebaki mistari mitano. Jino linalocheza lina fundo: linaning'inia, naye hataki mtu aliguse. Umeme kukatika usiku kuna fundo: anataka maji ya kunywa, na mtungi uko upande wa pili wa giza. Kuoga kwenye beseni, kwa upande mwingine, mara nyingi hakuna fundo mpaka ulipate. Sabuni imeteleza chini ya kitanda? Mdogo wake amekalia taulo?

Ukishapata wazo, lijaribu kwa swali moja: je, unaweza kuona picha saba tofauti, kila moja ikiwa na mtoto anayefanya jambo jingine? Ukiona picha mbili tu, una shairi au wimbo, huna kitabu.

Usitegemee utoto wako mwenyewe. Mtu mzima hukumbuka kibatari, kisima na kuchunga mbuzi, huku mtoto wa leo mtaani kwake akijua tochi ya simu na bomba la jirani. Kaa na watoto walewale utakaowasomea, alasiri mbili au tatu, wazazi wakiwa wameridhia. Gawa daftari safu mbili: alichofanya mtoto, na alichosema, neno kwa neno bila kumsahihisha. Safu ya pili ndiyo itakayokupa lugha ya kitabu. Mtoto hasemi "nilisahau nilichoagizwa." Anasema "limetoka," akijishika kichwa.

Hatua ya pili: pata kibwagizo kabla ya hadithi

Mtoto asiyejua kusoma hushiriki kitabu kwa mdomo. Anahitaji mstari unaorudi, ambao ukirudi mara ya tatu au ya nne atausema kabla yako. Katika kitabu chetu mstari huo ndio kazi yenyewe aliyopewa Zawadi:

*Nyanya tatu, kitunguu kimoja.*

Utamke kwa sauti. Sehemu ya kwanza ina silabi nne, ya pili saba, na "ki" inarudi mara mbili kama hatua za mtoto anayetembea haraka. Mstari huu unaweza pia kuharibika bila kupoteza mwendo wake, na hiyo ni bahati kubwa. Zawadi akichanganyikiwa atasema "nyanya nne, kitunguu kimoja," kisha "nyanya nne, vitunguu viwili." Silabi ni zilezile, kwa kuwa "nne" nayo hutamkwa kwa silabi mbili. Tena upatanisho wa ngeli unageuka wenyewe, kutoka "ki-ki" hadi "vi-vi", na mtoto wa miaka minne anausikia mgeuko huo mara moja. Atakukatiza: "Siyo!" Ukisikia "Siyo!" hiyo, kibwagizo kimefanya kazi.

Hapa ndipo inapoonekana kwa nini kitabu cha namna hii kiandikwe moja kwa moja katika lugha ya mtoto. Kibwagizo kilichozaliwa katika lugha nyingine kikatafsiriwa hufika kikiwa kirefu na hakina mdundo. Kwa hiyo ikiwa watoto wako nyumbani wanazungumza Kigiriama au Kisukuma, usianze na Kiswahili. Anza na kile wanachotumwa kwa lugha hiyo, na huenda kitakachonunuliwa kikabadilika kabisa.

Hata ndani ya Kiswahili, angalia mahali. Unguja na Mombasa wengi husema tungule, na "tungule tatu" ina mdundo mzuri wa "t" kuliko nyanya. Kwa watoto wengi wa Kenya, nyanya ni tunda na ni mama wa mama pia. Ukisoma "nyanya tatu" utapata kicheko usichokitarajia, basi amua mapema: ama uondoe neno, ama umweke bibi kwenye picha na ukitumie kicheko hicho. Genge la Dar es Salaam ni kibanda cha mama mboga huko Nairobi. Ndala, kandambili na champali ni kiatu kilekile. Chagua neno la watoto wako na ulishike hadi mwisho. Usiliwekee maelezo pembeni, kwa sababu picha inatosha kueleza. Bei usizitaje kabisa. Zinabadilika, na sarafu za nchi moja si za nchi nyingine.

Hatua ya tatu: gawa hadithi kwenye kurasa

Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne, kwa hiyo kurasa za kitabu lazima zigawanyike kwa nne. Karatasi nne hutoa 16. Ukurasa wa 1 ni jalada, wa 2 ni wa majina ya watunzi na mwaka, wa 16 ni jalada la nyuma. Hadithi inabaki na ukurasa wa 3, unaosimama peke yake kwa upande wa kulia, kisha jozi sita zinazotazamana: 4–5, 6–7, 8–9, 10–11, 12–13 na 14–15. Hivyo una milango saba ya kufungua. Gawa hivi:

Ukurasa wa 3. "Zawadi!" "Abee, mama." "Kalete nyanya tatu na kitunguu kimoja." Katika picha, mama ameinua vidole vitatu vya mkono mmoja na kidole kimoja cha mkono mwingine. Maneno hayavitaji vidole.

4–5. Zawadi anatembea. "Nyanya tatu, kitunguu kimoja. Nyanya tatu, kitunguu kimoja."

6–7. Bata wanavuka njia. "Moja, mbili, tatu, nne!" Kisha, chini kulia: "Nyanya… nne, kitunguu kimoja."

8–9. Dimbwi. "Chubwi!" Kandambili mbili zinaelea. "Nyanya nne, vitunguu… viwili."

10–11. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, Zawadi. Nikupe nini?"

12–13. Hakuna neno. Zawadi anatazama mikono yake. Vidole vitatu vimesimama mkono mmoja, kimoja mkono mwingine.

14–15. "Nyanya tatu, kitunguu kimoja!"

16. Jikoni. Sufuria inachemka. Mlangoni bata wanne wanachungulia.

Tazama jinsi fundo linavyofunguka. Hakuna mtu mzima anayemwokoa Zawadi. Jibu lilikuwa kwenye picha ya ukurasa wa 3, na mtoto anayesikiliza ameliona. Kwa kuwa maneno hayakumwambia, anakumbuka kwa macho, kama Zawadi mwenyewe. Wengi watainua vidole vyao kabla hujafungua 14. Ungeandika pale mwanzo "mama akamwonyesha vidole vitatu," ungemnyang'anya ugunduzi huo.

Kosa tunalolikuta mara nyingi zaidi ni kwenye jozi ya 12–13. Mwandishi anaogopa kurasa zisizo na maneno, anamleta jirani aseme, "Zawadi, mwanangu, siku nyingine uwe makini njiani." Hapo kitabu kimehama kutoka mikononi mwa mtoto kwenda kwa mkubwa, nao wasikilizaji wanaanza kuchezea mkeka. Kipimo chake ni rahisi: funika sentensi ya mwisho ya kitabu. Hadithi ikisimama bila hiyo, sentensi hiyo ilikuwa nasaha, basi ifute.

Kosa la pili ni mahali pa kugeuza. Swali likae upande wa kulia, jibu lingojee nyuma ya karatasi. "Nikupe nini?" iko 11, na kimya kiko 12. Ukiviweka vyote kwenye jozi moja, mtoto ataona vidole kabla hajawa na wasiwasi.

Hatua ya nne: pima sentensi kwa silabi

Miongozo mingi ya kigeni hutoa idadi ya maneno kwa kila ukurasa. Kwa Kiswahili hesabu hiyo inapotosha, kwani neno letu moja laweza kubeba mtenda, wakati, mtendwa na kitendo. "Hawakumpelekea" ni neno moja, lakini lina silabi nane, na mtoto anayeanza kusoma atakwama katikati. Hesabu silabi. Kwa umri huu tunajizuia kwenye silabi 15 hivi kwa sentensi, na sentensi zisizozidi mbili kwa ukurasa. Kitenzi kikizidi silabi sita, tafuta njia ya kukivunja: badala ya "alimnunulia mama nyanya," sema "alinunua nyanya za mama."

Chagua wakati mmoja wa vitenzi. "-ka-" ni wakati wa hadithi ya mdomo: akaenda, akafika, akaona. Unavuta vizuri, lakini ukiujaza kila mahali sentensi zote zinaanza na "a" na zinasikika kama mbio. Kwa kitabu cha picha "-na-" hukaa vizuri zaidi, maana mtoto anaangalia kile kile kinachotendeka sasa: Zawadi anatembea, bata wanavuka.

Maneno ya vitabuni yanayoingia bila kuitwa ni "aliwasili," "alistaajabu," na "kwa furaha kubwa." Yaondoe. Mahali pake weka tanakali za sauti, ambazo watoto wanazo tele. Maji ni chubwi, mchanga ni tifu, mzigo ukianguka ni pu. Nguo imelowa chapachapa, giza ni tititi. Tanakali moja iliyokaa mahali pake hufanya kazi ya sentensi nzima, ila zisizidi mbili au tatu katika kitabu kizima, la sivyo hakuna inayosikika.

Mwisho wa hatua hii Zawadi ana maneno yasiyofika 50. Usishtuke. Mengine yote yako kwenye picha.

Hatua ya tano: picha

Kabla ya picha yoyote ya kitabu, mchoraji atengeneze karatasi moja ya Zawadi peke yake: kutoka mbele, ubavuni, mgongoni, na akiwa amechuchumaa. Pembeni yaandikwe mambo yasiyobadilika. Gauni la manjano lenye mfuko mmoja wa kulia. Nywele mistari mitano. Kandambili za buluu, ya kushoto imeshonwa kwa uzi mweusi. Karatasi hii ibandikwe ukutani, kwa sababu bila hiyo mfuko huhamia kushoto ifikapo ukurasa wa 10, na mtoto wa miaka minne atakuwa wa kwanza kuuliza.

Weka jicho kwenye kimo cha mtoto. Meza ya genge imfikie Zawadi kwenye paji la uso, nyanya zionekane kama kilima, na uso wa bibi uwe juu, mbali, ukiinama. Wachoraji wengi huchora kutoka kimo cha mtu mzima bila kujua, na genge linaonekana dogo, halitishi, wala "Nikupe nini?" haina uzito.

Kisha hesabu. Bata wanne kwenye 6–7, bata walewale wanne kwenye 16. Nyanya tatu, si nne, kwenye mfuko wa mwisho. Vidole vya mama vifanane kabisa na vya Zawadi, mkono wa kulia kwa kulia. Kitabu hiki kimejengwa juu ya idadi, kwa hiyo kidole kimoja cha ziada kinakiangusha chote.

Maelekezo kwa mchoraji yaseme kile ambacho maneno hayasemi. "Zawadi anatembea" si maelekezo, kwani anaweza kuisoma mwenyewe. "Ngumi ya kulia imefungwa, midomo inatembea, macho yako juu kama anayesoma hewani" ndiyo maelekezo. Kama huna mchoraji, vipande vya kitenge vilivyokatwa na kugundishwa hufanya picha nzuri kuliko mchoro wa kulazimisha, na rangi ya gauni haitabadilika kamwe.

Hatua ya sita: soma kitabu kikiwa bado cha penseli

Kunja karatasi nne, chora kwa penseli haraka, andika maneno, na ukisome kwa watoto wanne au watano waliokaa karibu. Kundi la 20 halifai kwa jaribio, kwani wa nyuma hawaoni vidole. Kisome mara mbili mfululizo na umwombe mwenzako atazame nyuso, wewe huwezi kusoma na kutazama kwa pamoja.

Usomaji wa kwanza unaonyesha palipolegea: jicho linalokwenda mlangoni, mkono unaotaka kugeuza kabla hujamaliza. Weka alama kwenye ukurasa huo. Usomaji wa pili unaonyesha kibwagizo. Kama hakuna sauti iliyoungana nawe kufikia ukurasa wa 8, mstari ni mrefu au haujarudi vya kutosha. Sikiliza pia anayesoma kwa niaba yako, mwalimu au dada mkubwa. Akikwama au akibadilisha neno mahali palepale mara mbili, neno lake ndilo sahihi.

Usiulize "Mmejifunza nini?" Watoto watakupa jibu wanalojua unalitaka. Uliza "Zawadi alikumbukaje?" Wakionyesha vidole, picha ya ukurasa wa 3 imefanya kazi. Wakisema "bibi alimwambia," vidole vya mama havikuonekana: vichore vikubwa, juu ya mandhari tupu.

Hatua ya saba: chapa na kushona

Maneno yawe meusi juu ya nafasi nyeupe, kamwe yasiwe juu ya majani au nguo yenye maua. Ukubwa wa herufi uwe 22 hadi 24. Tumia herufi ambazo "a" na "g" zina umbo lile mtoto anafundishwa kuandika. Fonti ya Andika ya shirika la SIL ilitengenezwa mahsusi kwa wanaoanza kusoma, inapatikana bure, na jina lake ni la Kiswahili chetu.

Kurasa hazipangwi kwa mfuatano. Zinazokaa upande mmoja wa karatasi lazima zijumlishwe kupata 17, ya kwanza ikiwa kushoto:

Karatasi ya 1: nje 16 na 1, ndani 2 na 15.
Karatasi ya 2: nje 14 na 3, ndani 4 na 13.
Karatasi ya 3: nje 12 na 5, ndani 6 na 11.
Karatasi ya 4: nje 10 na 7, ndani 8 na 9.

Kutokana na mpangilio huu, 8–9 ndiyo jozi pekee iliyo kwenye karatasi moja isiyokatika. Ndiyo maana dimbwi liko hapo, picha pana kuliko zote. Kwenye jozi nyingine nusu mbili zinatoka karatasi tofauti na zinaweza kupishana milimita mbili au tatu, kwa hiyo usiweke uso wala kidole kwenye mkunjo. Kwenye 12–13 weka mkono mmoja kila upande.

Ukichapa pande mbili, printa iambiwe kugeuza kwa upande mfupi, la sivyo kurasa za ndani zitatoka kichwa chini. Chapa nakala moja, ikunje, ihesabu, kisha uchape zingine. Karatasi ya gramu 80 huonyesha picha ya nyuma, hasa rangi ikiwa nzito. Tumia gramu 100 au zaidi ukiipata.

Pini za stepla hufaa kwa haraka, lakini ncha zake hukwaruza vidole na hupata kutu. Uzi ni bora. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, na mengine sentimita tatu kutoka kila ncha. Kata uzi wa sentimita 50. Ingiza sindano tundu la katikati kutoka ndani kwenda nje, ukibakiza mkia wa sentimita nane. Rudi ndani kwa tundu la juu, shuka ndani ukiruka la katikati, toka kwa la chini, kisha ingia tena kwa la katikati. Ncha mbili za uzi ziwe kila upande wa mshono mrefu, zifunge mara mbili juu yake, ukate na kubakiza sentimita moja. Fundo likae ndani, kwenye dimbwi la 8–9, mahali ambapo mtoto hataliona kwa sababu ya maji.